Kipofu Katika Ngeli ya KI-VI: Softmaksi, Entropia Mtambuka na Udhaifu wa Kosa la Mraba

Makala haya yametokana na swali aliloniletea mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayechukua Kiswahili pamoja na sayansi ya kompyuta. Alikuwa ameandika programu ndogo ya kujifunza ngeli. Unaipa orodha ya nomino, kila nomino na ngeli yake, nayo inajifunza mpaka iweze kutaja ngeli ya nomino isiyowahi kuiona. Nia yake ilikuwa kuitumia baadaye katika kukagua upatanisho wa kisarufi kwenye insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Programu ilijifunza vizuri tu. Kitabu, kiti, kikombe na kisu iliviweka KI-VI bila wasiwasi. Mwalimu, mtoto na mgeni ikawaweka A-WA. Lakini kulikuwa na kundi moja la maneno lililoishinda kabisa: kipofu, kiziwi, kijana, kiongozi, kinyozi, kiboko, kifaru. Yote haya iliyapeleka KI-VI, na kadiri ilivyozidi kufundishwa ndivyo ilivyozidi kushikilia msimamo wake.

"Mwalimu," aliniambia, "nimeirudishia orodha ileile mara mia mbili, na kila mara inaambiwa kwamba kipofu ni A-WA. Haisikii."

Kila mwalimu wa Kiswahili katika nchi zetu hizi anaufahamu ugonjwa huo kwa sababu anaukuta darasani. Mwanafunzi anaona ki- mwanzoni mwa neno, anaandika "kipofu kimefika," na sisi tunachukua kalamu nyekundu. Jambo lililonishangaza ni kwamba kompyuta iliyosahihishwa mara mia mbili haikubadilika hata kidogo. Ikiwa programu hiyo ingepewa insha za wanafunzi kama ilivyokuwa, ingewakosoa walioandika "kipofu amefika" na kuwasifu waliokosea. Tulipokaa na mwenzangu wa idara ya hisabati kuichunguza, tuligundua kwamba orodha haikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa katika namna ya kutoa adhabu: programu ilikuwa inasahihishwa kwa kosa la mraba. Katika kurasa hizi nitajaribu kueleza kwa nini adhabu hiyo haikufaa, na adhabu gani iliyofaa.

Kwanza tuanze na kosa ambalo mwanafunzi wetu hakulifanya, ingawa wengi hulifanya. Sisi wanaisimu tumezoea kuzipa ngeli za Kibantu namba, kwa mfumo uliotokana na kazi ya Wilhelm Bleek na baadaye Carl Meinhof. Mtu wa kompyuta akiona namba hizo anaweza kushawishika kuitaka programu itoe namba moja tu, kisha apime umbali kati ya namba hiyo na namba sahihi. Jibu sahihi likiwa 1 na programu ikasema 7, kosa ni 6, na mraba wake ni 36. Ikisema 2, kosa ni 1 tu. Lakini namba za ngeli ni majina, hazipimi kitu. Ngeli ya 7 haizidi ngeli ya 1 kwa sita za chochote, wala wastani wa ngeli ya 1 na ya 7 si ngeli ya 4. Kwa hiyo njia hiyo tuiache hapa hapa.

Njia iliyo sahihi ni kuipa kila ngeli nafasi yake. Ili hesabu iwe fupi, tuchukue ngeli tatu tu: A-WA, KI-VI na I-ZI. Programu inapopewa neno, inaangalia kiambishi cha mwanzo, herufi chache za mwisho, na neno lenyewe kwa ujumla wake. Kila dalili ina uzani wake kwa kila ngeli, na uzani huo ndio unaojumlishwa kutoa alama tatu. Alama hizi naziita alama ghafi, kwa sababu hazina mpaka: zinaweza kuwa kubwa, ndogo, au hata chini ya sifuri. Tuseme kwamba kwa neno kipofu, baada ya programu kuona mamia ya maneno ya vitu yanayoanza na ki-, alama ghafi ni 5 kwa KI-VI, 0 kwa A-WA na −1 kwa I-ZI.

Alama hizi hazitufai zikiwa hivyo. Tunachotaka ni kujua programu inaamini kila ngeli kwa kiasi gani, na imani zote zikijumlishwa zitimie moja. Kazi hiyo hufanywa na kanuni iitwayo softmaksi. Jina hilo lilienezwa na John Bridle katika maandishi yake ya mwaka 1990, ingawa kanuni yenyewe ilikuwa imetumika katika fizikia tangu karne ya 19. Inaandikwa hivi:

```
p_i = e^(z_i) / (e^(z_1) + e^(z_2) + e^(z_3))
```

Hapa z ni alama ghafi, na e ni ile namba ya wanahisabati inayokaribia 2.718. Kila alama inafanywa kuwa kipeo cha e, kisha inagawanywa kwa jumla ya vipeo vyote. Faida ya kutumia kipeo ni kwamba hata alama iliyo chini ya sifuri inatoa namba chanya, na tofauti ndogo ya alama inakuwa tofauti kubwa ya imani. Kwa neno letu, e kwa kipeo cha 5 ni 148.41, kwa kipeo cha 0 ni 1, na kwa kipeo cha −1 ni 0.37. Jumla ni 149.78. Ukigawanya, KI-VI inapata 0.991, A-WA inapata 0.0067, na I-ZI inapata 0.0025. Kwa maneno mengine, programu ina uhakika wa asilimia 99 kwamba kipofu ni neno la KI-VI. Imekosea, tena imekosea kwa kujiamini. Hali hiyo ya kukosea kwa kujiamini ndiyo inayotenganisha adhabu hizi mbili.

Jibu sahihi nalo tunaliandika kwa nafasi tatu: 1 kwa A-WA, 0 kwa KI-VI, 0 kwa I-ZI. Sasa tunahitaji namba moja inayosema programu imekosea kiasi gani. Namba hiyo huitwa hasara.

Kosa la mraba linatoa hasara kwa njia tunayoijua sote tangu sekondari. Chukua tofauti kati ya imani na jibu katika kila nafasi, izidishe kwa yenyewe, kisha jumlisha. Kwa kipofu tunapata 0.987 kwa A-WA, 0.982 kwa KI-VI na karibu sifuri kwa I-ZI. Jumla ni 1.97. Angalia jambo moja hapa: hasara hii haiwezi kuzidi 2 hata programu ikosee vipi. Aliyekosea kwa uhakika wa asilimia 99 anapata 1.97, na aliyekosea kwa uhakika wa asilimia 99.99 anapata 1.9996. Machoni pa mpimaji huyu, hao wawili ni kitu kimoja.

Entropia mtambuka inafuata njia nyingine. (Neno "mtambuka" nimelichagua kwa sababu tumekwisha kulizoea katika "masuala mtambuka", mwenye neno bora zaidi na alilete idarani.) Haijali imani iligawanywaje kati ya ngeli zisizo sahihi. Inauliza swali moja: je, uliipa ngeli iliyo sahihi imani kiasi gani? Kisha inachukua logi asilia ya imani hiyo na kugeuza alama yake:

```
L = -ln(p_sahihi)
```

Programu iliyoipa ngeli sahihi imani ya 1 inapata hasara ya sifuri. Iliyoipa 0.5 inapata 0.69. Yetu, iliyoipa 0.0067, inapata 5.01. Imani ikishuka mpaka 0.000045, hasara inafika 10, na haina dari. Kukosea kwa kujiamini zaidi kunagharimu zaidi, siku zote.

Huenda msomaji akauliza logi imetoka wapi. Haikuokotwa njiani. Tuseme orodha ina maneno elfu moja, na tunataka programu ambayo, kwa mujibu wa imani zake, orodha nzima kama ilivyo ingekuwa na uwezekano mkubwa kabisa wa kutokea. Uwezekano wa orodha nzima ni imani za majibu sahihi zikizidishwa zote pamoja, neno baada ya neno. Zidisha namba elfu moja zilizo chini ya moja, utapata namba ndogo mno isiyoshikika. Logi inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na alama ya kutoa inageuza kutafuta kikubwa kuwa kutafuta kidogo. Matokeo yake ndiyo entropia mtambuka. Kosa la mraba nalo lina asili yake ya heshima, katika upimaji wa vitu vinavyopimika. Ukitaka programu ikadirie muda wa irabu kwa milisekunde, au alama atakayopata mwanafunzi katika mtihani, na makosa yakawa yanatawanyika pande zote mbili za jibu kama Gauss alivyoeleza, basi kosa la mraba ndilo chombo chake. Lakini ngeli haipimwi kwa milisekunde.

Hata hivyo, ukubwa wa hasara peke yake hautoshi kueleza ukaidi wa ile programu. Programu haijifunzi kutokana na hasara yenyewe, bali kutokana na mteremko wa hasara. Fikiria mtu aliye kwenye kilima usiku wa giza, anayetaka kushuka bondeni. Hajui yuko juu kiasi gani. Anachojua ni jinsi ardhi inavyoinama chini ya nyayo zake. Ikiinama sana, anapiga hatua kubwa. Ikiwa tambarare, anabaki pale alipo, hata kama tambarare hiyo iko kileleni. Kwa kila alama ghafi tunauliza: nikiiongeza kidogo, hasara itabadilika kiasi gani? Jibu likiwa chini ya sifuri, alama inapandishwa. Likiwa juu ya sifuri, inashushwa.

Kwa softmaksi ikifuatwa na entropia mtambuka, hesabu ya mteremko inaishia mahali pepesi kuliko mtu anavyotazamia. Vipeo na logi vinafutana, na kinachobaki ni hiki:

```
mteremko_i = p_i - y_i
```

Yaani imani toa jibu, basi. Kwa kipofu: A-WA ni 0.0067 toa 1, sawa na −0.993, KI-VI ni 0.991 toa 0, sawa na 0.991, I-ZI ni 0.0025. Programu inaambiwa waziwazi: pandisha A-WA kwa nguvu, shusha KI-VI kwa nguvu, na I-ZI ishushe kidogo. Nguvu ya amri inalingana na ukubwa wa kosa.

Kwa softmaksi ikifuatwa na kosa la mraba, vipeo havifutwi. Mteremko unakuwa huu:

```
mteremko_k = 2 * p_k * ((p_k - y_k) - S)
S = jumla ya p_i * (p_i - y_i)
```

Usiogope mabano, tazama tu ile p_k iliyotangulia. Kila amri inazidishwa kwa imani ambayo programu tayari inayo juu ya ngeli hiyo. Programu ikiwa haiamini A-WA hata kidogo, amri ya kupandisha A-WA inazidishwa kwa 0.0067 na kunyauka kabla haijafika. Nilipiga hesabu yote kwa kikokotoo, na S ikawa 0.975. Mteremko wa A-WA ni −0.026, mahali ambapo entropia mtambuka ilitoa −0.993. Ni amri dhaifu karibu mara 38. Mteremko wa KI-VI nao ni 0.031 tu, huko p_k ni kubwa, lakini kilichomo ndani ya mabano kimekaribia sifuri, kwa hiyo matokeo ni yaleyale. Na kuna jambo la ajabu zaidi katika I-ZI. Mteremko wake ni −0.005, yaani programu inaamriwa kuipandisha I-ZI, ngeli ambayo haihusiki na kipofu kwa vyovyote! Sababu ni kwamba kosa la mraba linaona nafuu katika kuitawanya ile imani kubwa ya KI-VI popote pale, hata kwa jirani asiyehusika.

Hebu tuone jambo hili likitendeka. Chukua alama ghafi zilezile, 5, 0 na −1, na kila mara ubadilishe kila alama kwa kutoa mteremko wake mzima. (Katika programu halisi kinachobadilishwa ni uzani wa dalili, na hatua huwa ndogo zaidi, lakini mwenendo ni huo huo.) Kwa entropia mtambuka, imani ya A-WA inatoka 0.0067 na kuwa 0.046 baada ya hatua ya kwanza, 0.24 baada ya pili, na 0.59 baada ya tatu. Kwa sahihisho tatu, kipofu amerudi kwa watu wenzake. Kwa kosa la mraba, hatua tatu zilezile zinaipeleka A-WA kwenye 0.0071, kisha 0.0075, kisha 0.0080.

Na hapo tumeanza na alama ya 5. Ikiwa KI-VI imefika 10, entropia mtambuka bado inaiamuru A-WA kwa mteremko unaokaribia −1, ilhali kosa la mraba linatoa −0.00018. Tofauti ni zaidi ya mara 5,000. Huyo ndiye mtu wetu aliyesimama kileleni kwenye tambarare: yuko juu kabisa, lakini nyayo zinamwambia hakuna mteremko, naye anaamini amefika bondeni.

Hapa ndipo tulipoelewa kwa nini maneno mengine yalijifunzwa vizuri na haya yakabaki nyuma. Mwanzoni mwa mafunzo programu haina imani yoyote. Kila ngeli ina theluthi moja. Katika hali hiyo, mteremko wa ngeli sahihi ni −0.67 kwa entropia mtambuka na −0.44 kwa kosa la mraba. Tofauti hiyo si kubwa, na ndiyo maana adhabu mbaya inaweza kupita bila kutambuliwa. Maneno ya kawaida, ambayo kiambishi chake kinasema kweli, yanajifunzwa siku za mwanzo. Lakini maneno hayo hayo, kitabu na kiti na kikombe, kwa wingi wao yanaipandisha dalili ya ki- kuelekea KI-VI, nayo inawavuta kina kipofu na kinyozi pamoja nayo. Zamu ya sahihisho la kipofu inapofika, tayari amekwisha kupandishwa kwenye tambarare. Maneno yaliyohitaji sahihisho kuliko yote ndiyo yaliyopata sahihisho dogo kuliko yote.

Mwanafunzi wetu angewezaje kulitambua tatizo hili mapema, bila hesabu ndefu? Dalili ni mbili, na ni bora kuzitazama pamoja. Hasara ya wastani inashuka vizuri, kisha inaganda. Na ukichapisha hasara ya kila neno peke yake, unakuta maneno mengi yako karibu na sifuri huku machache yameganda karibu na 2, hayasogei juu wala chini. Wastani unaficha jambo hili, kwa kuwa maneno ya kaidi ni machache. Ni sawa na mwalimu anayetazama wastani wa darasa na kuridhika, huku wanafunzi watano nyuma hawajaandika kitu tangu muhula uanze.

Ni haki nieleze pia mipaka ya madai haya, maana nisije nikaonekana nimelifukuza kosa la mraba nyumbani kwake. Kama kipimo cha utabiri lina heshima ya muda mrefu. Mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier alilipendekeza mwaka 1950 kwa ajili ya kupima utabiri unaotolewa kwa uwezekano, na mpaka leo linaitwa alama ya Brier. Vipimo vyote viwili vinamtuza mkweli. Chukua neno ndege. Katika orodha yetu limeingia mara mbili, ndege aliyeruka akiwa A-WA na ndege iliyotua ikiwa I-ZI. Programu inayoona neno peke yake haina namna ya kuwatenganisha, na jibu la kweli ni nusu kwa nusu. Kosa la mraba linafikia kiwango chake cha chini kabisa hapo hapo kwenye 0.5 na 0.5, na entropia mtambuka vilevile, ikiwa na hasara ya 0.69 ambayo hakuna mafunzo yatakayoiondoa. Kwa hiyo vipimo hivi vinakubaliana juu ya bonde liko wapi. Vinatofautiana juu ya njia ya kulifikia.

Vilevile, tambarare niliyoieleza inatokana na kosa la mraba kuwekwa juu ya softmaksi. Mwaka 2020 Like Hui na Mikhail Belkin walionyesha kwamba kosa la mraba likiwekwa moja kwa moja juu ya alama ghafi, bila softmaksi, linaweza kushindana vizuri na entropia mtambuka katika kazi nyingi. Lakini hapo unapoteza imani zinazojumlishwa kuwa moja, na unaingia katika usumbufu mwingine: neno ambalo alama yake sahihi ni 3 linaadhibiwa kwa kuwa lilitakiwa kufika 1, kana kwamba kujua sana ni kosa.

Entropia mtambuka nayo ina udhaifu wake, na kwa kazi zetu za orodha ni udhaifu wa kuchungwa. Kwa kuwa haina dari, inalisikiliza kila jibu kwa makini, hata jibu bovu. Aliyeandika orodha akiteleza na kuweka kikombe katika A-WA, sahihisho la neno hilo litakuwa na nguvu ileile ya kipofu, na uzani wa ki- utavutwa mahali pasipostahili. Kwa hiyo kabla ya mafunzo ya pili tulipanga maneno kwa ukubwa wa hasara na kuyasoma ishirini ya juu kwa macho yetu. Kuna mpaka mwingine ambao hakuna adhabu inayouvuka. Kama programu ingekuwa inaona kiambishi tu, kipofu na kitabu vingekuwa kitu kimoja kwake, na hata entropia mtambuka isingevitenganisha. Ilimbidi ilione neno zima.

Mwanafunzi alibadilisha adhabu. Ilikuwa ni mistari miwili:

```
loss_fn = torch.nn.CrossEntropyLoss()
loss = loss_fn(z, y)
```

Hapa kuna mtego ambao naye aliuingia, na nauandika ili mwingine asipoteze wikiendi yake. Chombo hicho kinapokea alama ghafi, na softmaksi kinaifanya chenyewe kwa ndani, pamoja na ile tahadhari ya kutoa kwanza alama iliyo kubwa kuliko zote ili vipeo visiishinde kompyuta. Yeye alikuwa ameiacha softmaksi yake ya zamani mahali pake, kwa hiyo ikafanyika mara mbili. Kompyuta haikulalamika. Programu ikajifunza kwa uvivu, na hasara ikaganda kwenye 0.55. Namba hiyo ndiyo iliyotuonyesha kosa. Imani ni namba kati ya 0 na 1. Ukizichukua kama alama ghafi, jibu bora kabisa linaloweza kupatikana ni 1, 0, 0, na softmaksi yake inatoa e ikigawanywa kwa e jumlisha 2, yaani 0.576. Hasi ya logi ya 0.576 ni 0.55, na chini ya hapo haiwezekani kushuka kwa ngeli tatu. Upande wa juu nako kuna namba ya kukumbuka: kabla ya mafunzo yoyote, hasara ya wastani ya ngeli tatu inatakiwa iwe karibu na 1.10, ambayo ni logi asilia ya 3. Ukianza na namba iliyo mbali sana na hiyo, simama ukague programu kabla hujaendelea.

Baada ya kuifuta softmaksi ya ziada, kipofu na kiziwi walihamia A-WA katika mizunguko ya mwanzo, kinyozi akafuata, na kifaru akachelewa kidogo. Neno lililobaki na hasara kubwa kuliko yote mwishoni lilikuwa ndege, kwenye 0.69. Tukaliacha hapo.